Utambulisho wa Dakika Tano

Kikao chetu cha akina mama kilikuwa na nusu saa tu ya daktari. Tulianza saa kumi na mbili kamili jioni, na adhana ya Magharibi siku ile ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Tukaigawa nusu saa yetu hivi: dakika tano za kumtambulisha mgeni, dakika ishirini za mazungumzo yake juu ya presha kwa mama mjamzito, na dakika tano za maswali. Karatasi ya ratiba ilipigwa chapa, ikabandikwa ukutani, nasi tukaona kazi imekwisha.

Utambulisho uliandikwa na mwenzetu mwenye kalamu nzuri. Ulikuwa na maneno 612, na simu ndiyo iliyotuhesabia. Binti mmoja wa kamati alikuwa amejifunza shuleni kwamba msemaji hutamka maneno 150 kwa dakika, basi tukagawanya 612 kwa 150 tukapata dakika nne na ushei. Tulifurahi kwamba tumebakisha karibu dakika nzima.

Utambulisho ule ulichukua dakika kumi na sekunde ishirini. Tunalijua hilo kwa hakika kwa sababu mmoja wetu alirekodi kikao chote kwa simu. Daktari alishika kipaza sauti akiwa na dakika zisizotimia ishirini. Dalili za hatari alikuwa amezipanga mwishoni, akazisema mbiombio na huku anatazama saa: kuumwa kichwa kusikopoa, kuona vimulimuli, uso na mikono kuvimba, maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia. Adhana ikaingia. Swali hata moja halikuulizwa.

Mlangoni, watu wakitafuta viatu vyao, mke mmoja kijana mwenye mimba ya miezi saba alimshika daktari mkono akamwambia, “Samahani mama, mimi kichwa kinaniuma siku ya tatu leo, nadhani ni jua.” Daktari alimwambia asilale nyumbani usiku ule kabla ya kupimwa. Alipimwa, presha ikaonekana imepanda sana, akalazwa. Alihamdulillahi, yeye na mwanawe wazima. Lakini sisi tulibaki tukijiuliza: lau viatu vyake vingalikuwa karibu na mlango, je?

Ndipo tulipokaa na ile rekodi kutafuta dakika zetu tano zimekwenda wapi. Tuliidhani aibu ya msomaji, kwamba alikokota maneno. Haikuwa hivyo. Alisoma vizuri kabisa, kwa utulivu unaopendeza. Kosa lilikuwa katika hesabu yetu.

Kwanza ni ile 150. Kiwango hicho ni cha Kiingereza, tena hutajwa kwa kukadiria. Maneno ya Kiingereza mengi ni mafupi, ilhali neno letu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitendo kwa pamoja. Tuchukue neno “hatutawasubirisha”. Simu huliandika kuwa ni neno moja. Mwingereza angelitumia maneno sita kusema jambo hilohilo. Kinywani mwetu neno hilo ni silabi nane: ha-tu-ta-wa-su-bi-ri-sha, na kila silabi hudai pumzi yake. Kweli tunayo pia maneno madogo kama “na” na “ya” yanayopunguza uzito, lakini hayatoshi kutufikisha kwenye 150 ila kwa kukimbia.

Pili, simu huhesabu kilichoandikwa, haihesabu kitakachotamkwa. Karatasi ilikuwa na miaka minane kwa tarakimu: alizaliwa, akaingia shule, akahitimu, akaajiriwa, na kadhalika. Kwa simu, 1987 ni neno moja. Kwa msomaji ni “elfu moja mia tisa themanini na saba”, maneno saba kamili. Nambari ya simu ya zahanati, tarakimu kumi zilizoandikwa pamoja, ilihesabiwa neno moja nayo ikasomwa tarakimu moja moja. Vifupisho vya vyuo vilifunguliwa kimoja kimoja, na kila palipoandikwa S.A.W. msomaji, kama ipasavyo, alitamka yote. Tulipoandika upya kila kilichosikika, maneno 612 yakawa 700.

Tatu ni muda usio na maneno ya karatasi. Kutoka kusimama kwake hadi neno la kwanza la karatasi, pamoja na salamu, hamdu, kumswalia Mtume na kuitikiwa, ilipita dakika moja na sekunde kumi. Kisha kila cheo cha mgeni kilipotajwa vigelegele vilipanda, na msomaji hana budi angoje vishuke. Kipaza sauti nacho kililia mara mbili. Vituo hivyo vyote tulivijumlisha tukapata dakika moja na sekunde hamsini.

Tukiondoa dakika hizo tatu, usomaji wenyewe ulibakiwa na dakika saba na sekunde ishirini. Maneno 700 kwa muda huo ni kama 95 kwa dakika. Hicho ndicho kiwango cha mwenzetu huyo katika ukumbi ule wenye mwangwi, mbele ya watu. Hatudai kuwa ni kiwango cha kila mtu. Tulimjaribu mwenzetu mwingine kwa karatasi hiyohiyo, naye akafika 114 bila kuonekana ana haraka. Kwa hiyo anayepimwa na awe ndiye atakayesoma.

Kumpima si kazi kubwa, ila kuna namna ya kujidanganya. Mtu akisoma kimoyomoyo, jicho huruka, na atakwambia amemaliza kwa dakika mbili kitu cha dakika nne. Akisoma kwa sauti ameketi kitandani, bado atakuwa mwepesi kuliko siku yenyewe. Sisi sasa humsimamisha msomaji upande mmoja wa sebule, mwingine akaketi upande wa pili kama aliye safu ya nyuma, naye asome maneno 200 ya karatasi ileile ya utambulisho, si ya gazeti, kwa sababu majina ya watu na vyuo husomwa polepole. Saa ya simu huanza kwenye neno la kwanza na kusimama kwenye la mwisho. Mwenzetu wa kwanza alitumia dakika mbili na sekunde sita, tukarudi palepale kwenye 95, na hapo tukaamini kwamba kipimo cha sebuleni kinafaa.

Daktari alikubali kurudi, Mungu amjazi kheri. Safari hii hatukuanza na karatasi kisha tukauliza itachukua muda gani. Tulianza na muda. Tulimpa msomaji dakika tatu, yaani sekunde 180. Tukatenga sekunde 60 za salamu na vigelegele, tukijua mgeni wa mara ya pili hashangiliwi kama wa mara ya kwanza. Zikabaki sekunde 120, dakika mbili, ambazo kwa maneno 95 ni 190. Hayo ndiyo maneno tuliyokuwa nayo ya kutumia, na kila mwaka na kila kifupisho kiandikwe kwa herufi kamili kabla simu haijahesabu.

Hapo ndipo palipokuwa na mvutano. Mama yetu mmoja wa makamo, ambaye neno lake halipuuzwi, alisema kufupisha sifa za mgeni ni kumvunjia heshima. “Mtu kasoma miaka yote hiyo, wanangu, nyinyi mwamtaja kama mpita njia?” Hatukumbishia. Tulimwomba tu atuambie, katika yale maneno 612, ni yapi aliyokuwa akiyakumbuka. Akafikiri, akasema anakumbuka kwamba daktari huyo amezalisha akina mama kwa miaka mingi, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupata presha ya mimba. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka.

Basi karatasi mpya ikajengwa juu ya mambo hayo mawili, jina lake, na anachokuja kutueleza. Vyuo, vyeti na miaka yake tulivichapa nyuma ya ratiba, ambako anayetaka atavisoma kwa nafasi yake. Mwaka mmoja tu uliachwa, wa kuanza kazi, nao tukaugeuza kuwa idadi ya miaka ili ulimi usijikwae. Yakatoka maneno 184.

Tuliongeza kitu kimoja zaidi ambacho twaona kimetufaa kuliko hesabu zote. Katikati ya karatasi, baada ya neno la 92, tulipiga mstari mwekundu. Katika dakika zile mbili, mstari uko kwenye dakika ya kwanza, na ukiongeza salamu, msomaji anatakiwa awe hapo kabla ya dakika mbili tangu aliposimama. Chini ya mstari tuliweka kwenye mabano sentensi tatu ambazo zikirukwa hakuna atakayejua. Akifika mstarini amechelewa, anaziruka. Mwenzake ameketi safu ya mbele na saa, na ishara yao ni kurekebisha mtandio.

Hesabu hii ina mipaka yake, nasi tumeshaiona. Haimsaidii mtu anayeinua macho kwenye karatasi akaanza kukumbuka siku alipokutana na mgeni arusini, maana maneno ya kukumbuka hayajahesabiwa na mtu. Haifai pia palipo na mkalimani: kila sentensi husemwa mara mbili, na maneno 190 huwa kama 380. Na kipaza sauti kikikataa kabisa, msomaji atalazimika kupaza sauti na kukata maneno, basi ni afadhali aende moja kwa moja kwenye jina la mgeni na kuketi.

Siku ya kikao cha pili msomaji alisimama saa kumi na mbili kamili. Salamu zilichukua muda kuliko tulivyotenga, akafika kwenye mstari mwekundu dakika ya pili ikiwa imepita kwa sekunde chache. Mtandio ukarekebishwa. Akaziruka zile sentensi tatu, akamkaribisha daktari kabla dakika tatu hazijatimia. Daktari alizungumza dakika ishirini zake zote, na dalili za hatari alizieleza moja moja, akawauliza akina mama wamrudishie, nao wakamrudishia. Zikabaki dakika saba za maswali. Yaliulizwa manne, la mwisho likatoka kwa yule mke kijana, mwanawe mapajani: alitaka kujua kama presha ile yaweza kurudi mimba nyingine. Daktari akamjibu kwamba yaweza, na akaanza kumweleza ni mwezi wa ngapi aanze kupimwa.