Kipindi cha Kigiriama

Ratiba ya Gredi ya 2 ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nzito kwenye manila, ikabandikwa ukutani kando ya dirisha. Jumanne na Alhamisi, baada ya mapumziko, kulikuwa na kipindi cha Lugha ya Kiasili. Vipindi viwili kwa wiki, dakika 30 kila kimoja, sawasawa na mtaala unavyotaka. Nilifundisha hapo kama mwalimu wa bodi mihula miwili, shule ya upande wa Magarini, bodaboda kama nusu saa kutoka Malindi mjini. Katika mihula hiyo miwili sikusikia kipindi hicho kikifundishwa hata mara moja.

Jumanne kilikuwa cha kusoma Kiingereza. Alhamisi kilikuwa cha hesabu, au cha kumalizia kazi iliyobaki. Na hakuna aliyekuwa akificha kitu. Ukimuuliza mwalimu angekwambia tu, "Aah, hicho tunakitumia."

Watu wanaosomea mambo ya mitaala wana namna yao ya kuligawa jambo hili. Kuna mtaala uliokusudiwa, ule ulioandikwa Nairobi. Kuna unaotekelezwa, ule unaotoka mdomoni mwa mwalimu. Halafu kuna unaomfikia mtoto. Ukitaka kujua umbali kati ya wa kwanza na wa pili, usianze kwa kumhoji mwalimu. Chukua karatasi tatu uziweke pamoja: ratiba ya ukutani, rekodi ya kazi ambayo mwalimu huijaza kila wiki, na daftari la mtoto. Ratiba itasema Kigiriama. Rekodi ya kazi nayo itasema Kigiriama, mada "Salamu" au "Familia yangu", na upande wa maoni pameandikwa kwamba somo lilifanikiwa. Daftari la mtoto siku hiyohiyo lina sentensi sita za Kiingereza zilizonakiliwa ubaoni. Daftari ndilo la kuamini, kwa sababu mtoto wa miaka saba hajui kuandika ili kumridhisha afisa.

Sera yenyewe si ngeni. Ripoti ya Ominde ya 1964 ilipendekeza Kiingereza kianze kutumika tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ikageuza: miaka mitatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo analotoka, Kiingereza kifunzwe kama somo, kisha kichukue usukani kuanzia mwaka wa nne. CBC ilipoanza rasmi Januari 2019, ilirithi wazo hilo. Kwa Malindi mjini, ambako watoto wa Kibajuni, Wagiriama na Waswahili wanachanganyika kibarazani, lugha ya eneo ni Kiswahili na hapo mambo si magumu sana. Ukivuka mjini kuelekea Marafa, au ukipanda Ganze, ni Kigiriama.

Kwa hiyo tunazungumzia mambo mawili. Kigiriama kama somo, vile vipindi viwili. Na Kigiriama kama lugha ya kufundishia masomo mengine, hesabu na Shughuli za Mazingira. Hili la pili ndilo kubwa, na ndilo linaloanguka kimyakimya zaidi, maana halina hata mstari kwenye ratiba wa kukuonyesha kwamba limeanguka.

Chukua siku moja. Shughuli za Mazingira, mada ni mimea. Mwalimu wa darasa, ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa na kitabu cha mwanafunzi mkononi. Kitabu hicho kimepitishwa na KICD, taasisi ileile iliyoandika kwamba Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo. Kitabu ni cha Kiingereza, kama kilivyo kile cha hesabu. Sasa Madam afanye nini? Serikali imempa maagizo kwa mkono mmoja na kitabu kwa mkono mwingine, na vitu hivyo viwili havisemezani. Anayetakiwa kuvipatanisha ni yeye, akiwa amesimama mbele ya watoto zaidi ya 60, bila mwongozo wa istilahi, ndani ya nusu saa.

Alifanya ambalo karibu kila mwalimu angefanya. Alisoma sentensi ya Kiingereza ya kwamba mimea huhitaji maji na mwanga wa jua. Watoto wakaitikia kwa pamoja, kwa ule mwimbo wa darasani unaousikia hata ukipita barabarani. Mara tatu. Akauliza, kwa Kiingereza, kwa nini mmea ukikosa maji hufa. Kimya. Akauliza tena, polepole. Msichana mmoja wa safu ya mbele akairudia ileile sentensi ya kitabu, akapigiwa makofi.

Nilikuwa nimekaa nyuma nikisahihisha madaftari. Madam alipoitwa ofisini, nikachukua darasa, nikauliza swali lilelile kwa Kigiriama changu cha nyanya, ambacho watoto walikicheka kidogo. Sikutumia maneno makubwa. *Muhi*, *madzi*, *dzuwa*: mti, maji, jua. Nikauliza *matsere* ya kwao, mahindi yao, yalikuwaje msimu uliopita.

Hapo hukuweza kuwanyamazisha. Mvulana wa safu ya nyuma kabisa, ambaye Madam alikuwa amenitahadharisha siku ya kwanza kwamba ni mzito, alieleza kwamba yao yalichipuka, yakafika magotini, mvua ikakata, yakajikunja majani kama sigara kisha yakawa manjano. Lakini yale yaliyo karibu na mahali mama anapomwaga maji ya kuoshea vyombo yalibeba. Mwenzake akabisha: yao yalimwagiwa maji na bado yakafa, kwa sababu yalikuwa chini ya mwembe. Yaani watoto wa miaka saba na minane walikuwa wametoa ushahidi wa maji na ushahidi wa mwanga, kila mmoja kutoka shambani kwao, na wakaanza kuubishania. Ndicho hasa CBC inachotaka. Umilisi, wanaita.

Sitaki msomaji adhani Madam alikuwa mvivu. Yeye ni Mgiriama, anaijua lugha hiyo kuliko mimi mara kumi. Mchana nilipomsimulia alicheka, akasema, "Wajua kwani siwezi? Naweza. Lakini afisa akija atataka kusikia nini?"

Swali lake lina historia. Mradi wa Tusome ulipoenea nchi nzima mwaka 2015, ulileta kitu ambacho shule nyingi hazikuwa nacho: kitabu cha kusomea kwa kila mtoto, na mwongozo wa mwalimu unaomwambia hatua kwa hatua aseme nini. Maafisa wa mtaala walikuja na vishikwambi, wakakaa nyuma kutazama somo, kisha wakawachukua watoto wachache na kuhesabu wanasoma maneno mangapi kwa dakika. Ulifanya kazi, watoto wakasoma. Ila ulikuwa wa lugha mbili, Kiingereza na Kiswahili. Kigiriama hakikuwa na kitabu kwa kila mtoto, hakikuwa na mwongozo, na kishikwambi hakikuwa na mahali pa kukihesabu. Tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, KPSEA, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, nayo haina karatasi ya lugha za kiasili. Mwalimu mwenye akili anasoma ishara. Kipindi kisichopimwa na kisicho na kitabu ni nusu saa ya bure, na darasani hakuna nusu saa ya bure isiyopata kazi.

Kuna wanaosema Kigiriama na Kiswahili ni jirani mno, mtoto ataruka tu. Kwa kuongea, labda. Kwa kusoma, hapana, na ushahidi uko kwenye majina yao wenyewe. Mtoto wa Gredi ya 1 hufundishwa sauti za herufi na silabi kutoka kitabu cha Kiswahili: ma, me, mi, cha, che, chi. Humo hamna *dz*. Hamna *ts*. Sasa hesabu darasani kina Kadzo ni wangapi na kina Kitsao ni wangapi. Watoto hawa wanayaandika majina yao kama mchoro, wamekariri umbo lake, kwa sababu hakuna aliyewafundisha silabi zinazoyajenga. Niliona "Kazo" na "Kisao" kwenye majalada ya madaftari hadi mwisho wa muhula. *Matsere* wanayokula kila siku hawawezi kuyaandika. Halafu tunasema lugha hii haiandikiki, wakati mmishonari W. E. Taylor alichapisha msamiati wake mwaka 1891.

Wazazi? Wengi wako upande wa Kiingereza, na nawaelewa. Baba mmoja aliniambia kwenye mkutano kwamba Kigiriama mtoto anacho bure nyumbani, yeye analipia asichokuwa nacho. Huku kwetu mtu ameona kwa macho lugha ikigeuka pesa. Malindi ina vinyozi na wauza vinyago wanaozungumza Kiitaliano cha kueleweka ambacho hakuna mtaala wowote uliowafundisha. Ukimwambia mzazi kama huyo kwamba lugha ya mama itamfanya mtoto ajue Kiingereza zaidi, uwe mwangalifu. Kabla ya Tusome kulikuwa na jaribio la PRIMR, ambalo lilifundisha watoto kusoma Kibukusu na Kikamba pia. Walikuja kuzisoma lugha zao vizuri zaidi, lakini katika Kiingereza na Kiswahili hawakuwapita wenzao wa mradi uleule ambao hawakufundishwa lugha ya mama. Kwa hiyo anayetetea Kigiriama kwa ahadi ya Kiingereza anauza kitu ambacho huenda hana. Nilichokiona mimi ni kingine: watoto walielewa somo la mimea siku hiyohiyo lilipofundishwa.

Tulichokubaliana na Madam kilikuwa kidogo. Dakika kumi za mwanzo za Mazingira, maswali yawe kwa Kigiriama na majibu vilevile, kitabu kikiwa kimefungwa. Kisha kitabu kifunguliwe, na maneno matatu tu ya Kiingereza yawekwe juu ya yale ambayo watoto wamekwisha kuyasema. Silabi za *dza* na *tsa* alizibandika chini ya chati ya Kiswahili, kwa karatasi ya rangi nyingine. Kipindi cha Jumanne kiliendelea kuwa cha Kiingereza. Hakukubali kukiachilia, na sikumlazimisha, maana matokeo yakishuka ni yeye atakayeitwa, na mimi wa bodi nitakuwa nimeshaondoka.

Mwisho wa muhula tulikaa chini ya mkorosho kujaza fomu za tathmini. Ngazi ni nne: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Kigezo cha mimea kilikuwa kwamba mwanafunzi aeleze mahitaji ya mmea. Tukafika kwa yule mvulana wa safu ya nyuma. Kwenye jaribio la kuandika, kwa Kiingereza, alikuwa ameacha mistari yote mitupu. Madam alishika kalamu akaniangalia. Tukaipindua fomu, tukatafuta mahali panaposema aeleze kwa lugha gani. Hapakuwepo. Akaandika "kufikia matarajio", akapuliza wino ukauka, akachukua fomu ya anayefuata.