Senti Tano za Mfuko

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu: tukirusha sarafu, na upande mmoja ukupotezee shilingi 10,000, upande wa pili ukupe ngapi ndipo ukubali kucheza? Wengi hutaja kama 20,000. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza jambo hili mwaka 1979: hasara huuma kuliko faida iliyo sawa nayo inavyofurahisha.

Tazama maduka ya eneo la Washington, Marekani. Baadhi yalimpunguzia senti 5 mteja aliyekuja na mfuko wake. Baadaye serikali za huko zikatoza senti 5 kwa kila mfuko wa dukani. Kaunti ya Montgomery ilianza mwaka 2012. Mchumi Tatiana Homonoff alipowachunguza wateja, aliona kwamba tozo ilipunguza karibu nusu ya waliochukua mifuko ya dukani, ilhali punguzo halikubadili lolote la maana.

Senti ni zilezile. Punguzo lilipokewa kama zawadi ndogo. Tozo ilihisiwa kama kunyang'anywa. Hivyo anayetunga sera huamua mengi kwa kuchagua tu lipi liitwe adhabu na lipi tuzo. Raia naye anapaswa kuujua uteuzi huo.