Kukopa Harusi, Kulipa Matanga

Msomaji mpendwa, bila shaka nawe una ndugu aliyewahi kukujia na fomu ya mkopo mfukoni. Wangu alikuja Jumapili moja baada ya chakula. Ni kitinda mimba wetu, ana miaka 24, na anataka kuuza mashati ya mitumba Kawangware. Alikuwa ameahidiwa Sh30,000, akataka niwe mdhamini wake. Chini ya sahihi yangu ningeorodhesha cherehani, friji na televisheni.

Nilimwomba siku mbili. Kisha nikamwandikia barua, maana hesabu haielezeki vyema kwa simu. Hebu isome nawe.

"Mdogo wangu mpendwa,

"Sisi hatujambo, hofu ni kwako. Usidhani naipinga biashara yako. Kinachonitia wasiwasi si mitumba, bali siku za kulipa.

"Fomu yako inasema riba ni asilimia 10 kwa mwezi, kwa miezi mitatu. Riba hiyo inatozwa juu ya Sh30,000 zote hadi mwisho, hata ukiwa umekwisha kulipa nusu ya deni. Kwa hivyo utarudisha Sh39,000, yaani Sh3,000 kila wiki kwa wiki 13. Tena watakata Sh1,500 za fomu na bima kabla hujazishika pesa zenyewe. Mkononi utapata Sh28,500.

"Sasa twende Gikomba. Umeambiwa robota la kilo 45 ni Sh20,000. Linauzwa likiwa limefungwa, wala huruhusiwi kuchungulia ndani. Tuseme umepata mashati 200. Kuna 'kamera', yale safi yanayogombaniwa. Hayo tuseme ni 40, uyauze kwa Sh250. Ya kati ni 100, kwa Sh150. Yaliyobaki 60 ni 'fagia', yenye madoa na yasiyo na vifungo, nayo utayatupa kwa Sh50. Jumla ni Sh28,000. Faida Sh8,000, utashangilia!

"Lakini kamera huisha upesi na fagia hukaa. Tuseme umemaliza kwa wiki tano. Nauli, mkokoteni na ada ya soko ni Sh800 kwa wiki, yaani Sh4,000. Mkopeshaji naye amechukua Sh15,000. Katika mauzo yako umebaki na Sh9,000. Ongeza Sh8,500 zilizosalia za mkopo, upate Sh17,500. Robota jipya ni Sh20,000! Huwezi kulinunua, ungali unadaiwa Sh24,000, na hapo hujala wala hujalipa kodi ya nyumba.

"Umeona? Faida yako ya kweli ni Sh800 kwa wiki, na malipo ni Sh3,000. Malipo ya wiki yakiipita faida ya wiki, ujue unalipa kwa mtaji. Utakuwa na wateja na bado biashara itakufa.

"Ulikuwa mdogo walipokuja kuichukua cherehani yangu ya kwanza. Rafiki niliyemdhamini hakuwa mwizi. Alilipa kila wiki bila kukosa, mpaka siku alipoamka hana cha kuuza. Mimi na yeye hatujasalimiana tangu hapo. Sitaki yatupate wewe na mimi.

"Kwa hivyo sitatia sahihi. Ila nitakukopesha Sh6,000 za akiba yangu, bila riba, unirudishie baada ya miezi mitatu. Rauka Gikomba alfajiri wanapofungua marobota, uchague mashati 40 moja moja, kwa Sh150. Utalipa zaidi kwa kila shati, lakini hutabeba fagia. Ukiyauza kwa Sh250 ndani ya wiki mbili, ukatoa gharama Sh1,600, utabaki na faida ya Sh2,400. Si nyingi, lakini hakuna anayezingojea mlangoni.

"Nunua daftari. Andika ulichonunua, ulichouza na ulichokula. Hicho cha tatu hutapenda kukiandika, na ndicho muhimu zaidi, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari. Siku daftari litakapoonyesha faida inayozidi Sh3,000 kwa wiki baada ya chakula na kodi, lete ile fomu. Nitaitia sahihi.

"Wako akupendaye, Dada."

Msomaji, alininunia siku nne. Mama alipiga simu akiuliza kwa nini namnyima mtoto maisha. Siku ya tano alikuja, akakataa chai, akachukua zile Sh6,000 bila maneno mengi. Nilipomsindikiza mlangoni ndipo nilipoona daftari jipya limechomoza katika mfuko wake wa nyuma. Ile fomu ingali kabatini kwangu, nayo haina sahihi.