Kichwa Kinachouma kama Pigo la Radi

Si kila kichwa kiumacho ni cha kuogopewa. Lakini yako maumivu ya namna moja ambayo huja ghafula kama radi, na kwa muda wa dakika moja tu yamekwisha kufika upeo wake.

Chanzo chake chaweza kuwa hiki: chini ya ubongo mishipa ya damu hugawanyika matawi, na penye njia panda ukuta wa mshipa huweza kudhoofika ukavimba kama kifuko. Waganga hukiita anevrizimu. Kikipasuka, damu humwagika katika maji yauzungukayo ubongo.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto wanne, alipatwa hivyo siku ya Jumatatu alipokuwa akifua nguo. Alitapika, na shingo ikakakamaa. Alhamisi tulimpeleka hospitali. Mashine ya skana ilipiga picha ya kichwa, wala damu haikuonekana. Mumewe akashukuru, akataka kumrudisha nyumbani. Lakini mganga akakataa.

Alitueleza kwamba damu mbichi huonekana nyeupe katika picha. Picha ikipigwa kwa mashine nzuri kabla ya saa 6 kupita tangu maumivu kuanza, na kusomwa na mtu mwenye ujuzi, ni mara chache sana damu kufichika. Baadaye huchanganyika na maji, ikafifia siku kwa siku. Kwa hiyo picha safi ya siku ya nne haitoshi kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka.

Basi alimchoma sindano kiunoni, kati ya mifupa ya mgongo, akateka maji kidogo. Wekundu peke yake haukumridhisha, maana sindano yenyewe huweza kujeruhi mshipa mdogo. Maji yalizungushwa katika mashine mpaka chembe za damu zikatulia chini, na yale ya juu yakaonekana manjano. Rangi hiyo hutokea mwili unapoivunja damu iliyokwisha kumwagika. Na kwa kuwa kazi hiyo huchukua muda, sindano ikichomwa kabla ya saa 12 kupita huweza kudanganya.

Hapo mama akatiwa dawa mshipani, mishipa ya kichwa ikapigwa picha, na kifuko kikaonekana. Wapasuaji walikibana shingoni mwake kwa kibanio kidogo cha chuma. Kama angalirudi nyumbani, kingaliweza kupasuka tena, na pasuko la pili huua wengi.

Kwa hiyo, mtu wa nyumbani mwenu akipatwa na maumivu ya namna hii, mpelekeni hospitali saa ile ile. Mwambieni mganga mambo mawili: maumivu yalianza saa ngapi, na yalichukua muda gani kufika upeo. Pasipo saa hiyo, mganga hawezi kujua kama picha iliyo safi ni ya kuaminiwa.