Neti pimeni kwenye televisheni yenyewe

Vijana wenzetu, hapa Bwiza tuna chumba kimoja ambamo wadogo zetu wanakuja jioni kuangalia masomo ya hesabu kwenye televisheni. Juzi video zikaanza kukwama kila dakika. Wengine wakasema tuchange pesa tupande paketi kubwa. Mmoja wetu akapima neti na simu karibu na ruta, ikatoa 22. Sasa video safi ya 1080p inahitaji kama megabiti 5 tu kwa sekunde. Neti ipo, mbona inakwama?

Ndiyo tukaamua kupima palepale inapokwama. Tukafungua kivinjari cha televisheni, tukaandika fast.com. Simu tukaiweka ubavuni mwa televisheni, tukafungua fast.com hiyohiyo. Simu nyingine zote tukazitoa kwenye waifai. Tukapima kwa zamu, maana vikipima pamoja vinanyang'anyana neti. Kila kifaa mara tatu, tukachukua namba ya katikati.

Televisheni ikatoa 3. Simu ikatoa 18.

Hapo bado usilaumu televisheni. Ruta yetu inaonyesha majina mawili, moja linaisha na 5G (si ile 5G ya kampuni za simu, ni mawimbi mengine ya ruta hiyohiyo). Simu ilikuwa kwenye hilo, na televisheni yetu ya zamani inaona lile lingine tu. Tukahamisha simu kwenye jina la televisheni, ikashuka hadi 8. Sasa ndiyo tunalinganisha kwa haki. Kutoka 18 mpaka 8 ni mawimbi: yale yamejaa ruta za majirani, na Bwiza nyumba zimebanana kabisa. Kutoka 8 mpaka 3 ni televisheni yenyewe, au mahali ilipo antena yake.

Antena ya waifai iko ndani, upande wa nyuma, na ruta ilikuwa imefichwa chini, nyuma ya kabati la chuma. Tukaipandisha juu ya rafu, mahali inapoonekana. Televisheni ikatoa 6, simu 9.

Kivinjari cha televisheni ni kizito, kwa hiyo namba yake inaweza kuwa chini kuliko neti inayoingia kweli. Ndiyo maana tulifungua somo zima kwa 1080p tukaangalia. Halikukwama hata mara moja.

Wanaonunua mega, muwe makini: kwa kasi ya 18, kipimo cha sekunde 10 kinakula kama mega 22. Ukirudia mara tatu, karibu 70 zimeenda. Sisi tulipima simu na televisheni mara nyingi kwa sababu paketi yetu ni ya mwezi.

Mchango wa paketi kubwa tumeuacha. Tunatafuta waya mrefu wa kutoka kwenye ruta mpaka kwenye televisheni, na tukiupata tutapima tena.