Bima ya nyumba: Moto ulipiwe, wizi upigiwe hesabu kwanza

Karatasi ya wakala wa bima ilikaa juu ya friji karibu wiki tatu. Mke, muuguzi katika zahanati moja pembezoni mwa Dar es Salaam, aliisoma kila alipofungua friji. Mumewe, mwalimu wa shule ya msingi, aliisoma mara moja akasema, "Mama watoto, laki mbili na zaidi kila mwaka kwa kitu ambacho hakijawahi kutokea? Hiyo si nusu ya ada ya mtoto?"

Karatasi ilisema hivi: nyumba yao ya vyumba vitatu, iliyokadiriwa Sh45 milioni, na vyombo vya ndani vya Sh12 milioni, vilindwe kwa moto na wizi. Ada ya mwaka ilikuwa Sh180,000, na ikiongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 inakuwa Sh212,400. Kwa familia iliyojenga nyumba hiyo kwa miaka tisa, tofali kwa tofali, mkopo wa chama cha akiba ukilipa bati na mshahara wa Desemba ukilipa milango, si fedha ya kutoa bila kuuliza.

Mke ndiye aliyefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Alimpigia wakala simu akamwomba aitenganishe bei ile: nyumba ni kiasi gani, vyombo ni kiasi gani, na ndani ya vyombo, moto ni kiasi gani na wizi ni kiasi gani. Wakala alisita kidogo, maana bima ya nyumba mara nyingi huuzwa kama kifurushi, lakini siku iliyofuata alileta majibu.

Kulinda nyumba kwa moto kuligharimu Sh106,200 pamoja na kodi. Kulinda vyombo kwa moto na wizi nako kuligharimu Sh106,200. Yaani bei ile ile ya kulinda Sh45 milioni ndiyo iliyokuwa inalinda Sh12 milioni. Vyombo vikilindwa kwa moto peke yake, bei ilishuka hadi Sh28,320. Kwa hiyo wizi peke yake ulikuwa unawagharimu Sh77,880 kwa mwaka. (Viwango hutofautiana kwa kampuni, kwa eneo na kwa jinsi nyumba ilivyojengwa, ya makuti au mbao hulipiwa zaidi, na pengine hukataliwa.)

Tofauti hiyo ina sababu. Nyumba ya tofali na bati haiungui kirahisi, lakini ikiungua hasara ni kubwa. Wizi ni kinyume chake: hutokea mara nyingi, na huchukua vitu vichache. Kampuni inajua hivyo na inatoza hivyo. Swali la familia linapaswa kuwa tofauti kidogo na la kampuni: ni hasara ipi ambayo sisi wenyewe hatuwezi kuibeba?

Wakaanza na wizi. Wakajiuliza, mwizi akiingia kesho atabeba nini? Televisheni, redio, mtungi wa gesi, pengine nguo. Televisheni ilinunuliwa Sh1.2 milioni miaka minne iliyopita, lakini mkataba waliopewa ulikuwa unalipa thamani ya kitu siku kilipopotea, baada ya kutoa uchakavu. Ipo mikataba inayolipa bei ya kitu kipya, ila ada yake ni kubwa zaidi na sharti hilo lazima liwe limeandikwa. Kwa ule wa kwao, walikadiria hasara yote ingefika Sh1 milioni.

Hapo bado kuna sehemu ya hasara ambayo mwenye bima anabeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa kitu. Kwenye mkataba wao ilikuwa asilimia 10 ya hasara, lakini isipungue Sh200,000. Kwa hiyo wangelipwa Sh800,000. Ukigawanya kwa Sh77,880 unapata miaka kumi na ushee. Ili bima ya wizi iwarudishie fedha yao, ingebidi waibiwe namna hiyo walau mara moja kila miaka kumi, na kila mara madai yao yakubaliwe.

Na kukubaliwa ndiko kwenye shida. Bima ya wizi wa nyumbani kwa kawaida hulipa pale tu palipo na dalili za kuvunja au kutumia nguvu: kufuli iliyokatwa, nondo zilizopindwa, mlango uliong'olewa, au watu waliovamia kwa silaha. Kijana anayepitisha fimbo dirishani usiku na kuvuta simu na suruali hajavunja kitu. Mgeni aliyeondoka na kompyuta mpakato hajavunja kitu. Dada wa kazi aliyetoweka na vitenge alikuwa na ufunguo. Mke aliposimulia wizi uliowahi kutokea mtaani kwao, kesi moja baada ya nyingine, mumewe alikuwa anahesabu kwa vidole zile ambazo mlango ulivunjwa. Hazikuzidi mbili.

Fedha taslimu nazo kwa kawaida hazilipwi, au hulipwa kidogo sana. Dhahabu huwekewa kikomo. Simu ikiibwa kwenye daladala haimo; ina kifungu chake na ada yake. Nyumba ikikaa tupu muda mrefu, mara nyingi zaidi ya siku 30 mfululizo, ulinzi wa wizi husimama, jambo la kukumbukwa na wale wanaofunga nyumba Desemba yote na Januari kwenda kijijini.

Basi wizi wakauacha. Sh77,880 za mwaka wa kwanza, na nyongeza kidogo, zikaenda kwa fundi wa kuchomelea: mlango wa nondo jikoni, na wavu mzito kwenye dirisha la sebule ili fimbo isipite.

Moto ulikuwa na hesabu tofauti. Nyumba na vyombo pamoja ni Sh57 milioni, ada Sh134,520 kwa mwaka, sawa na Sh11,210 kwa mwezi. Mume, ambaye hufundisha hisabati, aligawanya akaona ingechukua zaidi ya miaka 420 ada hizo kufikia thamani ya nyumba na vyombo. Akacheka. Kwa hesabu ya wastani, ni kweli, kampuni ndiyo inayopata. Ina wafanyakazi wa kulipa na faida ya kutafuta. Lakini familia haiishi kwa wastani. Televisheni ikipotea, watoto watakwenda kwa jirani kuangalia katuni miezi minne. Nyumba ikiungua, wanaanza upya na kodi ya pango juu yake, na miaka tisa mingine hawana. Kwa hasara ya namna hiyo, Sh11,210 kwa mwezi ni bei ya haki.

Ila bima ya moto nayo ina mtego, na mtego huo mara nyingi mwenye nyumba hujitegea mwenyewe. Ili ada ipungue, mume alipendekeza waandike nyumba ni ya Sh27 milioni badala ya Sh45 milioni. "Nani atakuja kupima?" aliuliza. Atakuja, lakini siku ya hasara. Kampuni hutuma mkadiria hasara, na akikuta nyumba ya Sh45 milioni imekatiwa bima ya Sh27 milioni, atasema mmelinda asilimia 60 tu. Jiko likiungua na matengenezo yakawa Sh10 milioni, watalipwa Sh6 milioni, kabla hata ya kutoa ile sehemu ya kubeba wenyewe. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Sh10 milioni ni ndogo kuliko Sh27 milioni, watalipwa zote. Hawalipwi. Kifungu hicho huitwa kanuni ya wastani. Kwa kuokoa Sh42,480 za ada, wangepoteza Sh4 milioni.

Kuandika kiasi kikubwa kupita kiasi nako hakusaidii, kwa sababu kampuni hailipi zaidi ya hasara halisi. Kiasi sahihi ni gharama ya kuijenga upya nyumba ile ile leo: tofali, saruji, bati, nyaya, fundi, na kuondoa kifusi. Bei ya kiwanja haimo, maana kiwanja hakiungui. Waliopata Sh45 milioni walikaa na fundi aliyewajengea, chumba kwa chumba, kwa bei za dukani za wiki ile.

Mke aliuliza pia kuhusu umeme na gesi, vitu viwili vinavyomtia hofu kazini kwake kila anaposafisha kidonda cha moto. Mlipuko wa gesi ya kupikia nyumbani kwa kawaida umo kwenye bima ya moto. Umeme una mpaka wake: ukirudi kwa nguvu ukaunguza mota ya friji, friji hiyo hailipwi, moto ukitoka kwenye friji ukashika pazia na dari, vilivyoungua hulipwa. Mafuriko na tetemeko huongezwa kwa ada yake. Na ukianza biashara ndani ya nyumba, cherehani tatu za kushona au madumu ya petroli ya kuuza, iambie kampuni kwa maandishi kabla, kwani kunyamaza kunaweza kuua madai yote.

Kwa mpangaji hesabu inageuka. Nyumba ni ya mwenye nyumba, na yeye ana vyombo tu. Moto wa vyombo peke yake ni bei ndogo. Fundi cherehani au mpiga picha ambaye vifaa vyake ndiyo mshahara wake ana sababu ya kulipia wizi pia, ingawa anayeishi chumba kimoja kwenye korido aulize kwanza kama mlango wa chumba ukivunjwa, huku geti la nje likiwa wazi, atalipwa.

Kabla ya kulipa, walihakikisha kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) kwamba kampuni na wakala wamesajiliwa, wakalipa ada yote moja kwa moja kwa kampuni, kwa sababu bima isiyolipiwa haina nguvu. Kisha mke alipiga picha kila chumba, kabati zikiwa wazi, na kila risiti aliyoipata, akamtumia dada yake aliyeko Dodoma. Simu inaweza kuungua pamoja na nyumba. Nyuma ya mlango wamebandika namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na chini yake namba ya mkataba, maana kampuni hutaka taarifa mapema na hutaka mkadiria wake akute majivu mahali pake, hayajafagiliwa.

Mwaka huu wameongeza chumba cha wavulana upande wa nyuma, kwa tofali za block na bati jipya. Fundi amekadiria Sh8 milioni. Karatasi ya kuhuisha bima imefika na bado inasema Sh45 milioni, na safari hii ni mume aliyeichukua juu ya friji kwenda kuirekebisha.