Hati ya Nguvu ya Kisheria Kibaha na Kisarawe: Mipaka Iliyopotea katika Tafsiri

Hati ya nguvu ya kisheria humpa mtu mmoja mamlaka ya kutenda kwa jina la mwingine. Kibaha na Kisarawe ilizoeleka zaidi kwa sababu ya ardhi. Mwenye kiwanja alikuwa Maskati au London, na ndugu yake Maili Moja au Maneromango. Hati iliandikwa kwa Kiingereza, ikafasiriwa ili mnunuzi na serikali ya kijiji wajue ndugu huyo ameruhusiwa kufanya nini.

Kabla ya kompyuta, kazi hiyo ilikuwa ya wachapaji wa taipureta. Mmoja wao pale Maili Moja alikuwa na kibanda kilichonukia karatasi za kaboni na mafuta ya mashine. Hakuwa mwanasheria. Kabla ya kugusa mashine alipigia mstari kila kitenzi cha hati kwa penseli, kisha akakiunganisha na mali yake kwa mshale: kupangisha nini, kuuza nini. Mshale ukikosa pa kwenda, alimrudisha mteja kwa wakili. Tafsiri ilimalizika siku ya pili au ya tatu, ikiwa na vifungu vilivyohesabiwa sawasawa na vya hati ya awali. Alikuwa pale hata kabla ya sheria mbili za ardhi za 1999 kuanza kutumika 2001, na miaka mingine kadhaa baadaye.

Sasa kijana wa steshenari hukamilisha hati hiyohiyo kabla soda ya mteja haijaisha, na anapoulizwa kwa nini ameacha maneno fulani hujibu kwamba yalikuwa yanajirudia. Jibu hilo linaudhi, kwa kuwa maneno yanayoonekana kujirudia ndiyo mara nyingi huweka mpaka.

Chukua mfano wa hati inayomruhusu mdogo mtu kusimamia na kupangisha nyumba ya Kibaha, kuuza shamba la Kisarawe kwa bei isiyopungua shilingi milioni 15, na kufanya mambo mengine yote yanayohitajika kwa madhumuni hayo. Tafsiri ya haraka husomeka hivi: “kusimamia, kupangisha na kuuza nyumba na shamba, na kufanya mambo mengine yote.” Sentensi ni laini, lakini mdogo mtu amepewa nyumba aiuze. Vitenzi vimekusanywa upande mmoja na mali upande mwingine, bei ya chini imetoweka, na mkia “kwa madhumuni hayo” umekatwa.

Mkia huo una uzito mkubwa. Kwa kanuni ya sheria ya Uingereza, iliyoingia pia katika mahakama za Afrika Mashariki, hati hizi husomwa kwa kubana, na maneno ya jumla hufungwa na kazi zilizotajwa mbele yake. Katika kesi ya Jacobs na Morris ya 1902, wakala aliyeruhusiwa kununua bidhaa na kusaini hawala za biashara hiyo alikwenda kukopa fedha, na mahakama ikakataa kumbebesha mwenye mali deni hilo. Mnunuzi wa Kisarawe anayeshika tafsiri iliyokatwa mkia haoni kizuizi hicho. Analipa, kisha hati ya awali inafunguliwa mbele ya hakimu.

Tafsiri salama ya mfano huo hutenga vifungu viwili, nyumba na shamba, kila kimoja na vitenzi vyake. Panapotajwa kuuza, mfasiri haongezi “na kupokea fedha” kwa sababu tu inaonekana kufuatana. Kama hati haikusema, hasemi. Ikiwa wapewa mamlaka ni wawili, huandika wazi kama kila mmoja anaweza kusaini peke yake au lazima wasaini wote, maana “kwa pamoja” ikiandikwa pasipostahili, kaka aliye safarini huzuia kila kitu. Kitenzi cha Kiingereza kisicho na mpaka, mathalani “kushughulikia ardhi”, huachwa na upana wake. Kukigeuza kuwa “kuuza” ni kumwamulia mwenye mali.

Miaka ya karibuni ilikwenda mbio. Bei za viwanja zilipanda na steshenari zikaongezeka. Sheria ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na tafsiri zinaweza kupelekwa BAKITA kuthibitishwa. Mhuri haurudishi kifungu kilichorukwa, hivyo nakala ya awali huambatanishwa, na tafsiri hutaja kuwa ya awali ndiyo yenye nguvu pale zinapotofautiana. Tarehe ya hati na ukomo wake hufasiriwa pia. Kwa kawaida mamlaka hufa pamoja na aliyeyatoa, na baada ya hapo mali hushughulikiwa na msimamizi wa mirathi, hata kama hati bado iko mkononi mwa ndugu.